Mchoro Haujui Ardhi: Hesabu ya Kuagiza Zege la Jamvi Kubwa

Mwanachuo mwenzangu, kama unasomea uhandisi au ukadiriaji majenzi na fildi iko mbele yako, kazi mojawapo ambayo wageni wa saiti hupewa ni ya kukaa karibu na pampu na kuhesabu malori ya zege. Inaonekana ni kazi ya kumpa mtu asiyejua kitu. Kumbe anayehesabu malori ndiye wa kwanza kujua kama zege litatosha au halitatosha, na akijua mapema nusu saa tu, anaokoa jamvi zima.

Mimi nasomea ualimu wa hisabati, si uhandisi. Likizo ndefu iliyopita nilikuwa karani wa saiti chini ya mjomba wangu, ambaye ni msimamizi wa mafundi. Niliyoyaleta hapa ni hesabu aliyonifundisha kule, nikaipanga kama somo. Ukubwa wa jamvi na vipimo nimevitunga mwenyewe ili hesabu ifuatike, lakini njia ni ileile inayotumika saiti.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Zege tunalolizungumzia ni lile linalochanganywa kiwandani na kuletwa na lori lenye pipa linalozunguka. Mafundi huliita redimiksi. Linauzwa kwa mita za ujazo. Lori likifika humwagia kwenye beseni la pampu, pampu inalisukuma kupitia mabomba ya chuma mpaka kwenye jamvi. Zege hili halisubiri. Tangu maji yakutane na saruji kiwandani, saa imeanza kuhesabu, na kawaida inatakiwa liwe limemwagwa ndani ya dakika 90 hadi saa 2. Kwenye joto la Dar muda huo unapungua. Kwa hiyo huwezi kuagiza ziada ukaiweka stoo, wala huwezi kupungukiwa ukasema utaagiza kesho. Ukimwaga leo ukamalizia kesho, pale vinapokutana panabaki mshono: zege la jana limeshakauka, la leo halishikani nalo sawasawa, na hapo ndipo ufa na maji hupita.

Hesabu ya kwenye mchoro

Chukua jamvi la ghala lenye urefu wa mita 30, upana wa mita 20 na unene wa milimita 150. Halina mihimili chini yake, ni bapa tu. Hesabu ya darasa la saba inatosha:

30 × 20 × 0.15 = 90

Mita za ujazo 90. Nondo zilizomo ndani huwa hatuzitoi kwenye hesabu. Chuma cha kilo 7,850 kinachukua nafasi ya mita moja ya ujazo, kwa hiyo hata ukiwa na tani 4 za nondo ndani ya jamvi, zimechukua nusu mita tu.

Watu wengi wakishapata 90 huongeza asilimia 5 "ya upotevu", wanapata 94.5, wanapiga simu kiwandani. Nilimuuliza mjomba kwa nini na sisi tusifanye hivyo.

"Mjomba, si asilimia tano inatosha?"

"Asilimia tano ya nini, mwalimu? Mchoro haujui ardhi. Nenda kapime."

Ubaya wa asilimia ni kwamba inachanganya vitu viwili visivyofanana. Zege linalobaki kwenye mabomba linategemea urefu wa mabomba, na halijali kama jamvi ni dogo au kubwa. Zege linalomezwa na ardhi linategemea eneo, na halijali kama jamvi ni nene au jembamba. Kila kimoja kina hesabu yake, na ni rahisi kuliko kubahatisha.

Ardhi: sentimita moja ni mita sita

Jamvi letu lina eneo la mita za mraba 600. Ardhi ikiwa chini kwa sentimita moja tu kuliko mchoro unavyosema, umehitaji mita za ujazo 6 za ziada, yaani karibu lori zima. Sentimita moja huioni kwa macho kwenye kifusi kilichoshindiliwa. Unatazama unaona uwanja umenyooka kabisa, na huku umesimama juu ya lori zima ambalo hujaliagiza.

Kupima kwenyewe ni hivi. Mbao za pembeni zikishawekwa kwenye usawa wa juu ya jamvi, gawa eneo lote kwenye miraba ya mita 5 kwa 5. Kwetu inatoka miraba 24: safu 6 kwa urefu, kila safu ina miraba 4 kwa upana. Katikati ya kila mraba pima kina kutoka usawa wa juu ya jamvi mpaka ardhini. Fanya hivyo baada ya kushindilia na baada ya kutandika nailoni, na kama imenyesha usiku au toroli zimepita na kuacha mitaro, pima tena.

Usipime kwa kamba iliyovutwa mita 20 kutoka ubao mmoja hadi mwingine. Kamba ndefu inalegea katikati hata ukiivuta vipi. Ikilegea inakaribia ardhi, kipimo chako kinatoka kifupi, unaagiza pungufu huku ukiamini umepima. Tumia mashine ya leveli au leza. Kama huna, weka vigingi vya katikati vilivyopimwa kwa mpira wa maji ili kamba iwe fupi.

Tuseme umepata kina hiki kwa milimita, safu ya 1 ikiwa upande wa pampu na safu ya 6 ikiwa mbali kabisa:

Safu ya 1: 148, 151, 155, 150
Safu ya 2: 152, 156, 160, 158
Safu ya 3: 155, 163, 172, 165
Safu ya 4: 160, 170, 181, 174
Safu ya 5: 158, 166, 175, 170
Safu ya 6: 161, 164, 168, 162

Kabla ya kujumlisha, zisome. Pale penye 148 ardhi imeinuka, jamvi litakuwa jembamba kuliko mchoro, kwa hiyo panachongwa kidogo. Pale penye 181 kuna bonde. Hapo msimamizi ana uamuzi: ajaze kifusi na kushindilia upya, au aache zege lijaze. Kifusi ni rahisi kuliko zege, ila kifusi kilichotupiwa haraka asubuhi ya kumwaga bila kushindiliwa ni hatari zaidi kuliko bonde lenyewe, maana kitatitia chini ya uzito wa zege. Tuseme kwenye mfano wetu muda haupo, na zege litajaza.

Jumla ya vipimo vyote ni 3,894. Gawa kwa 24, wastani ni milimita 162.25. Kwa kuwa kila kipimo kinawakilisha mraba wenye ukubwa uleule, wastani wa kawaida unatosha. Sasa:

600 × 0.16225 = 97.35

Ardhi peke yake imeongeza mita za ujazo 7.35, yaani zaidi ya asilimia 8. Ile 94.5 ya kubahatisha ilikuwa imeshapungua kabla hata pampu haijawashwa.

Mabomba: hesabu ya mara moja

Bomba la pampu lenye kipenyo cha ndani cha milimita 125 linabeba lita 12.3 za zege kwa kila mita moja ya urefu. Unaweza kuhakikisha mwenyewe: zidisha pai kwa mraba wa nusu kipenyo, halafu kwa urefu. Kwetu pampu imesimama mita 50 kutoka ukingo wa jamvi, na jamvi lenyewe lina mita 30, kwa hiyo mabomba ni mita 80:

80 × 12.3 = 984

Lita 984, karibu mita moja kamili ya ujazo. Ongeza zege linalobaki kwenye beseni la pampu, ambalo halitakiwi kukauka wakati kazi inaendelea kwa sababu pampu ikivuta hewa inaanza kupiga mateke. Weka nusu mita. Jumla ni mita 1.5.

Mita hizo 1.5 zinahesabiwa mara moja kwa kazi nzima. Usiziweke kwa kila lori, kwa sababu lori la pili linakuta bomba limeshajaa. Zinarudi kwenye hesabu kama bomba limeziba na ikabidi lifunguliwe, maana zege la sehemu iliyofunguliwa humwagwa nje na bomba linajazwa upya. Ndiyo maana mwanzoni mafundi hupitisha uji wa saruji ili kulainisha kuta za bomba. Bila uji huo, zege la kwanza linaacha saruji yake kwenye kuta za bomba kavu, kokoto zinabaki peke yake mbele, na zinaziba. Uji huo hauingii kwenye jamvi. Unamwagwa pembeni, na haumo kwenye mita zako.

Ukishapanga mabomba, anza kumwaga safu ya mbali kabisa, ya 6, urudi kuelekea pampu. Kila unaporudi unafungua kipande cha bomba na kumwaga kilichomo ndani ya jamvi likiwa bado bichi. Ukianza karibu ukaenda mbali, utaburuza mabomba juu ya zege uliloshalisawazisha.

Mwisho wa kazi, zege lililobaki bombani linaweza kusukumwa kwa mpira wa sponji. Usilihesabu kama zege la jamvi. Kazi hiyo ni ya mwendesha pampu, na wakati wa kusukuma kwa hewa asisimame mtu mbele ya mdomo wa bomba, kwa sababu mpira ukitoka, bomba linaruka kama nyoka.

Simu ya kiwandani

Sasa tunajumlisha. Jamvi 97.35, mabomba na beseni 1.5, inakuwa 98.85. Ongeza mita moja kwa ajili ya yale madogo: linalomwagika, linaloganda kwenye pipa, mbao za pembeni zinazopinda kidogo zikisukumwa na zege. Tunafika karibu na 100.

Malori yetu yanabeba mita 7 kila moja. Malori 14 ni mita 98, inabaki 2. Lakini usipige simu ukasema "nataka mita 100" ukamaliza. Sema hivi: "Malori 14 yaliyojaa. La 15 ni la salio, kiasi nitakitaja kwa simu." Lori la salio ndilo ufunguo wa somo zima. Vipimo 24 ni vizuri, lakini ni vipimo vya katikati ya miraba tu, na ardhi bado itatitia kidogo mafundi wakianza kukanyaga. Ukweli kamili utaujua zege likiwa limeshamwagwa sehemu kubwa, na wakati huo bado unataka kuwa na nafasi ya kubadilisha.

Swali ni lini upige simu ya pili. Tuseme kutoka kiwandani hadi saiti ni dakika 40, na kupakia pamoja na foleni ni dakika 20. Jumla saa moja. Pampu yetu inamaliza lori moja kila dakika 15. Maana yake wakati wowote kuna malori manne ambayo huwezi tena kuyabadilisha: matatu yako njiani na moja linapakiwa. Kwa hiyo ukitaka kuamua lori la 15, amua lori la 10 linapomaliza kumwaga. Ukisubiri la 13, umechelewa nusu saa na zaidi. Na saa hizo za kungoja, ukingo wa zege uko juani unakauka.

Kupima katikati ya kazi

Lori la 10 limemaliza. Zimeingia mita 70. Toa 1.5 za mabomba na beseni, jamvini zipo 68.5. Kwa vipimo vyetu, safu ya 6, 5, 4 na 3 zilitakiwa kula mita 66.6, kwa hiyo ukingo wa zege ulitakiwa uwe umevuka safu ya 3 na kuingia safu ya 2 kwa kama sentimita 60. Unapima kwa futi kamba, unakuta haujaimaliza hata safu ya 3: bado sentimita 20.

Eneo lililofunikwa lilitakiwa kula mita 65.95, limekula 68.5. Gawa, unapata 1.039. Yaani zege linakwenda kwa asilimia 3.9 zaidi ya vipimo. (Vipande vya bomba vilivyofunguliwa njiani vimeongeza kama robo mita jamvini, ila robo hiyo haibadilishi jibu.)

Hapa kuna jambo la kufanya kabla ya simu: tafuta sababu. Ya kwanza ya kuangalia ni usawa wa juu. Kama ubao wa kusawazisha unaacha zege juu kwa milimita 5, kwenye mita za mraba 600 hiyo ni mita 3 za ujazo, na dawa yake ni kushusha usawa mara moja, si kuagiza zaidi. Ya pili ni ardhi: je, nyayo za mafundi zinazama? Ya tatu ni malori yenyewe. Mita moja ya zege la kawaida ina uzito wa kilo 2,400 hivi, kwa hiyo mita 7 ni karibu tani 16.8. Kama kuna mizani ya karibu, pima lori likiwa limejaa na likiwa tupu, tofauti itakuambia. Usimtuhumu dereva kabla hujapima juu na chini.

Tuseme usawa uko sawa na ni ardhi inayotitia. Iliyobaki ni sentimita 20 za safu ya 3, na safu za 2 na 1 nzima. Kwa vipimo ni mita 31.4. Zidisha kwa 1.039, unapata 32.6. Malori manne ambayo huwezi kuyabadilisha yana mita 28. Inabaki 4.6. Unapiga simu: "Salio liwe mita 5."

Umetumia dakika kumi, futi kamba na kikokotoo cha simu. Lori la 15 lingekuja na mita 2 zilizokadiriwa asubuhi, na ukanda wa karibu mita moja kwa mita 20 ungebaki wazi. Na aliyeagiza 94.5 tangu mwanzo angebaki na ukanda wa mita 2.6, jua la saa nane, na kiwanda kinachomwambia foleni ni saa mbili.

Hapo ndipo vishawishi huanza. Mtu anasema ongeza maji kwenye lori la mwisho ili zege litandae. Maji hutandaza zege lakini hulidhoofisha, na kona hiyo ya jamvi itakuwa dhaifu kuliko sehemu nyingine miaka yote. Mwingine anasema changanyeni kwa mkono tumalizie. Zege la mkono lenye vipimo vingine halifanani na lililopita, na mshono unabaki palepale. Kama kweli limepungua na hakuna namna, mwenye maamuzi ni mhandisi: afunge kazi kwa ubao ulionyooka, kwenye mstari anaouchagua yeye, nondo zikipita katikati, ili mshono uwe wa makusudi. Ukingo uliojiishia wenyewe kama ufukwe ni wa kulaumiwa.

Na likizidi? Ziada ya mita moja ni ya kawaida, na imeshalipiwa. Andaa mapema mahali pa kuipeleka: kitako cha tangi la maji, njia ya waenda kwa miguu, au kalibu za matofali. Bila mahali, itaishia mtaroni.

Zoezi

Jamvi la mita 24 kwa 15, unene wa mchoro milimita 200. Wastani wa kina ulichopima ni milimita 212. Mabomba ni mita 60 ya kipenyo kilekile, beseni nusu mita, na unaongeza mita moja ya madogo madogo. Malori ya mita 7. Utaagiza malori mangapi yaliyojaa, na salio la kukadiria ni kiasi gani?

Jibu: jamvi ni 76.32, mabomba 0.74, beseni 0.5, madogo 1. Jumla 78.56. Malori 11 yaliyojaa ni mita 77, na la 12 ni la salio, kwa makadirio mita 2. Kiasi chake kamili hukitaji leo. Unakitaja kesho, futi kamba ikiwa mkononi, lori la saba likimaliza kumwaga kama safari na pampu ni zile zile za mfano wetu.